Kabla ya Kuchagua Sini au Kosini, Tazama Ncha za Funksheni

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, tulipewa funksheni f(x) = x katika kipande cha kutoka 0 hadi π, tukaambiwa tuiandike kwa mfululizo wa sini peke yake, kisha kwa mfululizo wa kosini peke yake. Vizidishi vya sini vilipungua kwa kasi ya 1/n, na vya kosini kwa kasi ya 1/n². Nikaondoka na kanuni niliyojitungia mwenyewe kwamba kosini hukaribia jibu haraka kuliko sini, na kanuni hiyo ikanigharimu usiku mzima wa hesabu wiki chache baadaye, tulipopewa f(x) = x(π − x). Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi anayekaribia kufanya kosa lile lile.

Funksheni iliyotolewa kwenye nusu ya kipindi pekee haisemi lolote kuhusu upande wa kushoto wa sifuri. Sisi ndio tunaoamua. Tukichagua kosini, tunaigeuza funksheni kama taswira kwenye kioo, yaani tunaipanua kuwa shufwa, hivyo thamani ya −x inakuwa sawa na ile ya x. Tukichagua sini, tunaipanua kuwa witiri, hivyo upande wa kushoto unapinduliwa na kubadilishwa alama. Kisha umbo zima linarudiwa kila baada ya 2π. Mfululizo haujui kwamba sisi tunajali kipande cha 0 hadi π tu. Unajitahidi kulifuata umbo lote lililopanuliwa, na palipo na mruko au kona katika umbo hilo, hata kama tumepatengeneza wenyewe, ndipo kasi inapopotea.

Nilichopaswa kufanya ni kuchora. Upanuzi witiri wa f(x) = x una mruko kwenye π, kwa sababu mstari unafika juu kwenye π na kuanza tena chini kwenye −π. Upanuzi shufwa una kona tu, kama meno ya msumeno yaliyounganishwa. Kwa x(π − x) mambo yanageuka. Funksheni hii ni sifuri kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo ukiipindua inaungana na nusu yake ya pili bila mruko na bila kona, kwa kuwa mteremko unaendelea vilevile; kinachoruka ni mpindo peke yake. Ukiipanua kuwa shufwa, unapata kona kali kwenye 0 na kwenye π, kwa kuwa mteremko unageuka ghafla kutoka −π hadi π. Hesabu inathibitisha mchoro:

```
sini:    x(π − x) = (8/π)(sin x + sin 3x/27 + sin 5x/125 + ...)
kosini:  x(π − x) = π²/6 − (cos 2x + cos 4x/4 + cos 6x/9 + ...)
```

Katikati ya kipande, x ikiwa π/2, thamani halisi ni 2.4674. Viungo vitatu vya sini vinatoa 2.4725, tofauti ya takriban 0.005. Kosini, ukichukua namba ya mwanzo pamoja na viungo vitatu, inatoa 2.5060, tofauti ya 0.039. Nchani hali ni mbaya zaidi: kwenye x = 0 sini inatoa sifuri kamili tangu kiungo cha kwanza, ilhali kosini inabaki na 0.284, na ili kosa hilo lishuke hadi 0.01 unahitaji viungo kama 100. Usiku ule nilikuwa nimefika cha 20, nikidhani nimekosea intigrali.

Sababu inaonekana ukifanya intigrali kwa sehemu mara mbili, ukidhani kwamba f ni laini ndani ya kipande, ambapo b_n ni kizidishi cha sin nx na a_n ni kizidishi cha cos nx:

```
b_n = (2/(πn)) [f(0) − (−1)^n f(π)]       + kitu cha 1/n³
a_n = (2/(πn²)) [(−1)^n f'(π) − f'(0)]    + kitu cha 1/n⁴
```

Sini inaadhibiwa na thamani za funksheni kwenye ncha. Kosini inaadhibiwa na mteremko kwenye ncha. Kwa hiyo kabla ya kuandika intigrali yoyote, mimi huandika namba nne pembeni mwa karatasi: f(0), f(π), f'(0) na f'(π). Mbili za kwanza zikiwa sifuri, sini inashuka kwa 1/n³. Mbili za mwisho zikiwa sifuri, kosini inashuka kwa 1/n⁴. Kila jozi ikiwa na angalau namba moja isiyo sifuri, kosini ya 1/n² ni bora kuliko sini ya 1/n, na hapo ndipo kanuni yangu ya zamani ilipokuwa na ukweli.

Lakini mara nyingi uchaguzi si wetu. Katika tatizo la joto la ufito, ambalo ndilo lililomfikisha Joseph Fourier kwenye mifululizo hii, ncha zilizoshikiliwa kwenye nyuzi sifuri zinadai sini, na ncha zilizozibwa joto lisipite zinadai kosini. Ukilazimishwa kutumia sini kwa funksheni isiyo sifuri nchani, usiipeleke moja kwa moja. Chukua x². Kwenye π thamani yake ni π², yaani 9.87, na upanuzi witiri unaruka kutoka hapo hadi −9.87. Jumla ya viungo vya sini karibu na π itapanda hadi kama 11.6 kabla ya kuporomoka, kwa sababu ziada hiyo ni takriban asilimia 9 ya mruko mzima, na kuongeza viungo hakuipunguzi. Kunaisogeza tu karibu zaidi na ncha. Dawa ni kutoa kwanza mstari ulionyooka unaopita kwenye thamani za ncha zote mbili. Hapa mstari huo ni πx, na kinachobaki ni x² − πx, ambacho ni x(π − x) yule yule mwenye alama hasi:

```
x² = πx − (8/π)(sin x + sin 3x/27 + sin 5x/125 + ...)
```

Ziada ya karibu na π imetoweka, na kasi imetoka 1/n hadi 1/n³ bila intigrali mpya. Kwa ufito ambao ncha zake zimeshikiliwa kwenye nyuzi mbili tofauti, mstari huo ndio joto ambalo ufito utatulia nalo hatimaye, kwa hiyo si ujanja wa karatasini tu. Kwa kosini, unachotoa ni parabola yenye miteremko ile ile nchani.

Tahadhari moja kuhusu kutafuta mteremko kiungo kwa kiungo: mfululizo wa sini unaruhusu jambo hilo iwapo tu f(0) na f(π) ni sifuri. Ukilifanya kwa mfululizo wa sini wa f(x) = x, unapata viungo visivyopungua kabisa.

Dawa ya mstari ina mpaka wake. Mruko ukiwa ndani ya kipande chenyewe, hakuna upanuzi utakaouponya. Hata √x, ambayo haina mruko, inakaidi: ukitoa x/√π ncha zote zinakuwa sifuri, lakini mteremko kwenye 0 hauna kikomo, kwa hiyo fomula za hapo juu hazifanyi kazi. Ili kuligundua hilo, zidisha b_n kwa n³ na utazame. Kwa x(π − x) utapata 8/π kwa kila n witiri. Kwa √x − x/√π namba zinazidi kukua bila kutulia, ila ukizidisha kwa n^1.5 badala yake, zinatulia karibu na 0.399.