Hearts of Iron IV: Jifunze ugavi Ethiopia kabla hujaenda Moscow

Wapenzi wengi wa historia wakishanunua Hearts of Iron IV, gemu la kompyuta la kuongoza nchi katika Vita vya Pili vya Dunia, hukimbilia Ujerumani. Wanaivamia Urusi Juni 1941, na ikifika Oktoba majeshi yao yamekwama. Vifaru vipo, ramani imejaa mishale, lakini hakuna kinachosogea. Mara nyingi kinachowaangusha ni ugavi, yaani kuwafikishia askari mahitaji yao, na vita vyenye divisheni zaidi ya mia si mahali pa kuanzia kujifunza jambo hilo. Gemu lenyewe limekupa darasa dogo zaidi: Italia dhidi ya Ethiopia. Ukichagua kuanza tarehe 1 Januari 1936, vita hivyo tayari vinaendelea.

Kabla saa haijaanza kutembea, bonyeza F4 ufungue ramani ya ugavi. Fuata kwa macho njia ya mzigo tangu mwanzo. Unatoka Roma kwa reli hadi bandarini, unapakiwa kwenye meli zinazopita Mfereji wa Suez, unashushwa Massawa, unapanda reli kwenda nyanda za juu za Eritrea, kisha unagawiwa kwa divisheni kutoka kwenye kituo cha ugavi kilicho karibu. Kumbuka kwamba njia nzima hubeba kiasi kile tu ambacho kipande chake dhaifu kinaweza kubeba. Ukipandisha reli hadi daraja la 3 huku bandari ikiwa ndogo, umetupa kazi ya viwanda vyako bure. Kwa hiyo Afrika Mashariki ya Kiitalia tazama bandari kwanza, reli baadaye.

Sasa weka kipanya juu ya kituo cha ugavi usome namba mbili: kinachopatikana na kinachohitajika. Tuseme kituo kinatoa 10, na kila divisheni ya askari wa miguu iliyo mbele yake inataka 0.7. Divisheni 14 zitakula 9.8, zote zitashiba. Ukileta 20, mahitaji yanapanda hadi 14, na kila moja inapata kama asilimia 70 ya inachotaka. Namba halisi utazisoma kwenye skrini yako, kwa kuwa hubadilika kulingana na muundo wa divisheni. Mizinga na vifaru hula zaidi ya askari wa miguu, na kila kikosi cha msaada unachoongeza nacho kinataka chake.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakiona Waethiopia wanakaza, wanasafirisha divisheni zaidi kutoka Italia. Kinachowadanganya ni kwamba divisheni mpya hufika na akiba yake mgongoni. Siku chache za kwanza inapigana vizuri, mchezaji anaamini amefanya jambo la maana, kisha akiba inaisha na mstari mzima unalegea kwa pamoja. Dalili zake ni hizi: Organization, yaani uwezo wa divisheni kuendelea kupigana, haipandi hata divisheni ikipumzika, bunduki zinapungua bila mapigano yoyote, na mwendo unakuwa wa kusuasua. Ukiona hivyo usiongeze hata askari mmoja. Simamisha shambulio, toa divisheni nne au tano uzirudishe nyuma karibu na bandari, na subiri zilizobaki zijaze mapengo. Divisheni 12 zilizoshiba zitafika Addis Ababa mapema kuliko 20 zenye njaa.

Umbali nao una hesabu yake. Kituo cha ugavi kinafika mbali kidogo tu, na milima inakata nguvu hiyo haraka, jambo ambalo katika nyanda za juu za Ethiopia huwezi kulikwepa. Unaweza kubofya kituo na kukiruhusu kitumie malori badala ya farasi, kikafika mbali zaidi, ila malori hayo yanatoka kwenye akiba ya taifa, na Italia ya 1936 haina malori ya kumwaga. Yapeleke upande wa kaskazini peke yake. Upande wa Somalia acha divisheni chache za kushikilia mstari, kwani kusukuma kwa nguvu pande zote mbili ni kugawa umaskini.

Mpangilio huo haukutungwa na watengenezaji wa gemu. Shambulio kuu la mwaka 1935 lilitoka Eritrea, na Jenerali Graziani alipewa upande wa Somalia kama uwanja wa pili. Jenerali De Bono, aliyeanza kuongoza vita, alisonga polepole huku akijenga barabara, na Mussolini akachoka kumsubiri. Novemba 1935 akamweka Badoglio badala yake. Huyo naye hakukurupuka. Alikaa wiki nyingi akirundika mizigo kabla ya mapigano makubwa ya mwanzoni mwa 1936, akashinda mapigano ya Maychew tarehe 31 Machi, na akaingia Addis Ababa tarehe 5 Mei. Tumia tarehe hiyo kama kipimo chako. Ukichelewa sana kuifikia, rudi ukaangalie F4. Kuna jambo moja ambalo gemu limelificha kabisa nalo halifai kusahauliwa: ushindi ule haukuletwa na malori peke yake, bali pia na gesi ya sumu iliyomwagwa na ndege juu ya askari na raia.

Ukishafika Addis Ababa utaiona reli inayokwenda Djibouti. Ndiyo ileile iliyomchukua Haile Selassie alipoondoka mapema Mei. Usiijengee matumaini, kwa sababu bandari iliyo mwisho wake ni ya Wafaransa, na mzigo wako haupiti kwenye bandari ya nchi isiyo upande wako. Utaendelea kutegemea Massawa na bandari za Somalia.

Vita vikiisha, toa divisheni zako zote za maana. Kutuliza upinzani hakuhitaji divisheni zilizosimama kwenye ramani, maana walinzi wa maeneo yaliyotekwa hukatwa moja kwa moja kwenye idadi ya watu na akiba ya silaha. Kinachotisha ni mwaka 1940. Siku utakayoingia vitani na Uingereza, Suez itafungwa kwako, meli zako za mizigo hazitakuwa na njia fupi ya kufika Massawa, na kila divisheni uliyoiacha itaanza kulala njaa. Historia iliwafanyia Waitalia hivyohivyo. Mwaka 1941 walibanwa kutoka Sudan na kutoka Kenya, na miongoni mwa waliowasukuma walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Addis Ababa ilianguka Aprili 1941, mji wa Gondar ukashikilia hadi Novemba.

Onyo kwa wanaotafuta maelezo mtandaoni: mfumo huu wa reli na vituo uliingia mwishoni mwa 2021. Maelezo ya kabla ya hapo yanazungumzia ugavi wa aina nyingine kabisa, yapite.

Ukihamia Urusi, kazi ni ileile kwa ukubwa zaidi. Chagua reli mbili au tatu utakazozipandisha daraja, na usogeze vifaru kwa kufuata reli hizo. Kituo ulichokiteka hakianzi kutoa mzigo saa ileile, hivyo panga kusimama kila unapofika mji mkubwa kama Minsk au Smolensk hadi namba zipande tena. Wajerumani wenyewe walisimama karibu na Smolensk mwaka 1941. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ya Kisovieti ulikuwa milimita 1524 na wa reli yao milimita 1435, kwa hiyo ilibidi wasogeze chuma kimoja cha reli kwa kilomita mamia kabla treni zao hazijapita. Simama huko Julai kwa hiari yako, usije ukasimamishwa na matope ya Oktoba.