Marki ya juisi siyo lazima ikuwe na roho ya Harley-Davidson

Mi natengeneza etiketi na kuandikia batu wa biashara ndogo ndogo hapa Lubumbashi, na siku hizi mutu anakuja amekwisha kujibu maswali ya testi ya arketipu kwenye interneti, ile inayosema marki yako iko na tabia ya nani, anakuambia tu «marki yangu ni Shujaa» ama «mi ni Muasi, nifanyie ya kufanana». Bon. Nafurahi juu ya amefikiria. Ila kabla sijafungua kompyuta namuuliza nani alijibu yale maswali, na kila mara ni yeye mwenyewe, muteja hakuulizwa kitu.

Hii mambo ya arketipu ilitoka kwa Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliyesema kama binadamu wote tuko na picha fulani za zamani ndani yetu, mama mulezi, mzee wa hekima, shujaa na zingine. Jung hakuwa anauza sabuni. Mwaka 2001 njo Wamerika wawili, Margaret Mark na Carol Pearson, balipanga arketipu 12 kwa ajili ya marki: Shujaa, Muasi, Mulezi, Mwenye hekima, Mutawala, Muchekeshaji, Mutu wa kawaida na wengine. Mifano yenye batu banapenda kutoa ni Nike kuwa Shujaa na Harley-Davidson kuwa Muasi. Angalia sasa izo kampuni: ziko na feza ya kurudilia maneno yale yale miaka na miaka mpaka mutu ambaye hajawahi kupanda pikipiki ya Harley anajua inasema nini. Wewe uko na meza moja, frigo moja, na mutoto wa dada yako anakusaidia Jumamosi.

Nitoe mufano mumoja niliyofanya nao kazi, mama wa Katuba anayefanya juisi ya tangawizi. Chupa ndogo anauza 1 000 franga, zingine banachukua mmoja mmoja pale mbele ya nyumba, zingine zinaenda kwa katoni kwenye ndoa, komunyo na kilio. Mutoto wake wa kiume, wa chuo, alifanya ile testi na ikatoka Muasi, juu ya yeye njo alijibu, na yeye kweli ni kijana wa kupinga kila kitu. Basi etiketi ikakuwa nyeusi, maandishi mekundu kama yamekwaruzwa na kisu, na chini «haiombi ruhusa». Kusema kweli ilikuwa nzuri kwa macho, ningeivaa kwenye tishati.

Chupa za mbele ya nyumba ziliendelea kwenda, vijana balizipiga hata picha. Katoni njo zilipungua. Na hapa mutu anaweza kudanganyika, juu ya picha zinaonekana kwenye telefone lakini katoni isiyoagizwa haionekani popote, hakuna mutu anakutumia mesaji kusema sikununua kwako. Mama alijua tu siku alipokutana na mumoja wa bakiliya wake wa zamani kule sokoni, akamwambia: «Mama, ile chupa nyeusi sikuweza kuiweka mbele ya bakwe zangu, inafanana na pombe ya kuficha.»

Walipokuja kwangu sikuanza na arketipu. Tulichukua kaye ya shule, tukagawa ukurasa mara mbili, upande mumoja juisi ya rejareja, upande mwingine katoni, na kila mutu akinunua mama anaandika maneno yake vile vile alivyoyasema, bila kuyapamba, na akikataa pia anaandika. Usiulize «unaona marki yetu namna gani», mutu atakupa jibu la heshima tu. Uliza «unapeleka wapi hii?» na «mara ya mwisho ulinunua kwa nani?» kisha nyamaza.

Ile kaye ilisema vitu ambavyo hakuna testi ingesema. Upande wa katoni, hakuna aliyetaja uasi wala furaha, maneno yaliyorudi rudi ni «haitaharibika mpaka Jumamosi?», «maji mulichemsha?», «mutaleta saa ngapi?». Ni maneno ya mutu anayeogopa aibu mbele ya wageni. Juu ya juisi ya tangawizi isiyokuwa na dawa ya kuhifadhi, ikikaa nje ya frigo kwenye joto, inaanza kuchacha ndani ya siku chache, chupa inavimba, na ukifungua inaruka kwenye kitenge cha mutu. Yule mwenye fete anakumbuka hiyo, rangi ya etiketi hakumbuki.

Sasa ukitaka jina, hayo maneno yanakaa karibu na Mulezi. Sawa, ila usikimbilie kuandika «kwa upendo wa mama» na kuchora moyo, juu ya ukipita kila kona ya komine ya Kenya ama ya Kamalondo hapa Lubumbashi kila anayeuza chakula atatoka Mulezi, wote, na arketipu yenye wote bako nayo haimwambii muteja kwa nini aje kwako. Kilichomsaidia mama ni kuandika tarehe ya kutengeneza juu ya kifuniko kwa kalamu ya marker, kila chupa, na kwenye etiketi maneno mawili matatu: imechemshwa, weka kwenye baridi, kunywa kabla ya tarehe fulani. Rangi tukaweka nyeupe na kijani. Na kama muteja wa katoni anaagiza siku nne mbele, mama anakataa kutengeneza mapema, anamwambia nitatengeneza usiku wa mwisho. Ule ulezi unauonea pale, kwenye kukataa.

Kwa hiyo mi arketipu naiweka mwisho, kama kipimo cha sauti. Tukishajua muteja anaogopa nini, ndipo tunauliza: Mulezi angejibu namna gani kwenye WhatsApp mutu akiuliza bei? Angesema bei, halafu angeuliza wageni bako wangapi na fete iko saa ngapi. Hapo inasaidia kweli, hasa kama batu wawili ama watatu banajibu kwenye telefone moja, juu ya bila hiyo mama anajibu kwa upole na kijana anajibu «1 000, unataka ama hautaki». Kama ni wewe peke yako unayeuza na unayejibu, sauti yako iko tayari, bakiliya banaijua, haina haja ya kuvaa ingine.

Kitu ingine, usiamini sana kama testi «imekugusa». Yale maelezo yameandikwa kwa upana, soma ya Shujaa kisha soma ya Mutafutaji, utajiona kwa zote mbili. Jaribu kumpa rafiki maelezo matatu bila majina, umuulize ni ipi ya biashara yako. Akisita, ujue hayakusemi.

Yule kijana hajakubali yote. Anasema etiketi nyeusi ilikuwa inauza kwa wanafunzi, na kwa hilo hana kosa, ukurasa wa rejareja unamupa haki. Tumepatana atafanya chupa ndogo ya pilipili na tangawizi, jina lake tofauti, auze karibu na chuo kikuu cha UNILU kwa feza yake mwenyewe, na isipakiwe hata moja kwenye katoni za ndoa. Etiketi bado tunabishana, anataka fuvu la kichwa.