Mkato au nukta? Kuakifisha mazungumzo katika hadithi fupi

Nimesoma miswada mingi ya hadithi fupi za wenzangu kabla haijapelekwa kwa wahariri, na alama za usemi zenyewe ni nadra kunisumbua. Karibu kila mtu anajua kuzifungua na kuzifunga. Kazi iko pale maneno ya mhusika yanapokutana na maneno ya msimulizi. Tazama kipande hiki, nimekitunga kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo mara kwa mara:

"Umemwambia mama." Aliuliza Tumaini, "Bado," akainuka Rehema, akafungua dirisha, "nimwambie nini wakati mwenyewe alisema kwamba 'sitaki kusikia habari za huyo mtu.'"

Tuanze na swali la Tumaini. Nukta imekata sentensi kabla haijaisha, na alama ya kuuliza imeachwa kwa sababu mwandishi aliona neno "aliuliza" linatosha. Halitoshi, kwa kuwa msomaji hulifikia akiwa ameshasoma swali kwa sauti ya taarifa. Inatakiwa "Umemwambia mama?" aliuliza Tumaini. Herufi ya kwanza ya "aliuliza" ni ndogo, maana sentensi bado ni ileile hata kama alama ya kuuliza imeingia katikati. Hapa simu na kompyuta huleta ukaidi: nyingi zikiona alama ya kuuliza hukuza herufi inayofuata zenyewe, kwa hiyo irudishe kwa mkono. Kama maneno ya mhusika ni taarifa tu, nukta yake inageuka mkato: "Nimemwambia," alisema Rehema.

Jibu la Rehema ndilo linalonasa hata waandishi wazoefu. "Bado," akainuka Rehema. Masimulizi yetu yanatembea kwa -ka-: akasema, akainuka, akafungua. Kwa kuwa "akasema" na "akainuka" vinafanana sura, mkono unaweka mkato kwa mazoea. Lakini mtu hasemi kwa kuinuka. Kipimo changu ni kuweka "maneno haya" baada ya kitenzi. Alisema maneno haya, alinong'ona maneno haya, alifoka maneno haya: vyote vinakubali, basi mkato unafaa. Aliinuka maneno haya? Hapana, basi weka nukta, na kitendo kianze sentensi yake. "Alitabasamu" na "alitikisa kichwa" navyo vinaangukia upande huu, ingawa huvikuta kila mahali vimetanguliwa na mkato.

Kisha kuna lile "kwamba". Ukishaandika "kwamba", umeingia usemi wa taarifa, na nafsi lazima ibadilike: alisema kwamba hataki kusikia habari za huyo mtu. Ukitaka maneno ya mama yabaki kama alivyoyatamka, ondoa "kwamba", weka mkato, na uanze nukuu kwa herufi kubwa. Kuchanganya vyote viwili kunamfanya msomaji ajiulize asiyetaka kusikia ni nani, mama au Rehema.

Kipande kizima sasa kinasomeka hivi:

"Umemwambia mama?" aliuliza Tumaini.

"Bado." Rehema akainuka, akafungua dirisha. "Nimwambie nini wakati mwenyewe alisema, 'Sitaki kusikia habari za huyo mtu'?"

Alama ya kuuliza ya mwisho iko nje ya alama moja na ndani ya alama mbili. Mama hakuuliza, aliyeuliza ni Rehema. Kama mama ndiye angekuwa ameuliza, ingeingia ndani kabisa.

Aya mpya kwa kila msemaji nayo si pambo. Kiambishi a- hakimtofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "akasema" mbili ndani ya aya moja zinaweza kuwa za yeyote. Ukivunja aya, mara nyingi hata "akasema" yenyewe unaweza kuifuta.

Kuna wanaopenda alama moja nje na mbili ndani, na ni mtindo halali mradi usibadilike katikati ya hadithi. Mimi naukwepa kwa sababu ya ng'. Andika 'Ng'ombe wamerudi,' alisema, kisha utazame: jicho linaona nukuu imefungwa baada ya herufi mbili tu. Kwa alama mbili nje, "Ng'ombe wamerudi," ritifaa ya ng' haina la kugombana na chochote.

Ninapomaliza rasimu, natafuta kila alama ya kufunga usemi kwa Ctrl+F na kutazama mambo mawili tu: alama iliyo kabla yake, na kitenzi kinachofuata.