Bolzi za majanini: ukiongeza nguvu, punguza upana

"Wakuu, nimeanza bolzi mwezi uliopita hapa Mombasa. Nikirusha taratibu tufe linapinda vizuri, ila nikitaka kugonga la mpinzani linapita pembeni tu, haligusi kitu. Kiwanja nakisomaje, na droo na pigo la nguvu vinatofautianaje hasa?"

Ndugu, ugonjwa huo niliugua msimu mzima.

Kwanza ujue kwamba ndani ya tufe hakuna risasi wala chuma. Linapinda kwa sababu limechongwa upande mmoja tofauti na mwingine, na siku zote hupinda kuelekea ule upande wenye alama ndogo. Hiyo ndiyo baiasi. (Ukishika kinyume litakimbilia rinki ya jirani, na hapo jiandae kuchekwa mpaka wakati wa chai.) Kubwa zaidi ni kwamba tufe likiwa na mbio baiasi haina nguvu nalo. Hulala upande na kupinda sana pale mwendo unapokufa, yaani theluthi ya mwisho ya safari.

Droo ni tufe unalotaka life kando ya jeki, kile kitufe kidogo tunachokilenga. Kwa kuwa linafika likiwa limechoka, upindaji wote unaupata, kwa hiyo lazima ulitoe kwa upana. Pigo la nguvu unalitaka lifike bado lina uhai, lisukume kitu, lipitilize mita mbili au zaidi. Hilo linafika kabla baiasi haijamaliza kazi yake, basi njia yake ni nyembamba zaidi. Wewe unaongeza nguvu huku unalenga palepale pa droo. Tufe halina muda wa kurudi ndani.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa wawili wawili, 17 kwa 17, mzunguko wa mwisho, na nimebakiwa na tufe moja. La wapinzani lilikuwa nusu futi nyuma ya jeki, letu futi moja kando. Nikiliondoa lao tu, letu ndilo linalohesabiwa. Mkono wa nyuma, yaani kulitolea tufe kushoto kwa jeki, ulikuwa wazi. Jioni nzima mkono huo nilikuwa nikipiga droo kwa kulenga hatua tatu kushoto kwa jeki, na yalikuwa yakifika. Nikalenga hatua tatu zilezile, nikatia nguvu. Tufe likapita kushoto kwa matufe yote, likaishia mtaroni. Mzee niliyecheza naye akaniuliza, "Mwanangu, umeongeza mwendo, mbona njia hukuibana?" Hasira zilinipanda, lakini alisema kweli.

Siku hizi, kiwanja kikiwa vile, tufe la kupitiliza mita mbili nalilenga kama hatua mbili na nusu. Nikitaka kugonga kwa nguvu zaidi, hatua moja na nusu. Draivu ya nguvu zote karibu inyooke, naipa upana wa tufe moja au mawili tu. Usizinakili hatua zangu, matufe hayafanani baiasi na mikono haifanani. Pima zako.

Sasa kusoma kiwanja. Raundi za majaribio usizipoteze kwa kutafuta jeki. Piga moja mkono wa mbele na moja mkono wa nyuma, uangalie lilipoanza kugeuka na lilipofia. Mikono miwili mara nyingi hailingani, kwa sababu ardhi ina miinamo ambayo jicho haliioni. Kisha hesabu sekunde tangu tufe litoke mkononi hadi lisimame karibu na jeki iliyo mita 27. Sekunde zikiwa nyingi kiwanja ni chepesi. Najua inasikika kichekesho, lakini fikiri: kwenye majani mepesi unasukuma polepole, tufe linatambaa muda mrefu, na linapinda zaidi. Wakati wa masika majani yamelowa, unasukuma kwa nguvu, sekunde zinapungua na upindaji nao unapungua. Jua likikausha kiwanja alasiri, upana wa saa nane si wa saa kumi.

Na upepo wetu huu. Kusi ikivuma ikakata rinki kwa ubavu, hulikamata tufe zaidi linapoanza kuchoka. Ikisukuma kule linakopinda, ongeza upana. Ikilipinga, punguza. Mkono ambao upepo unapinga baiasi ndio naupenda kwa pigo la nguvu, maana njia yake imeshanyooka kidogo.

Lile kosa langu pia lilikuwa na tiba nyingine. Kabla ya kupiga ningejiuliza: nikikosa, tufe litaishia wapi? Droo fupi kidogo ingebaki mbele ya jeki. Tufe langu la nguvu lilikuwa mtaroni, halihesabiki.

Jumamosi ukifika mapema, weka tufe moja nyuma ya jeki ulipige mara kumi, ukibana nusu hatua kila linapopita nje.