Kilele kinene cha OH na tone la maji mazito: ushauri kwa wanaotuma sampuli za NMR

Wanafunzi wa kemia wanaoniletea spektra zao hapa Tabora huniuliza swali hili kuliko mengine yote: kile kilele kifupi na kinene, ambacho hakipo mahali palepale kwa kila sampuli, ni uchafu au ni sehemu ya molekuli? Kwa kuwa mashine ya NMR iko mbali na sampuli husafiri kwa basi hadi kuifikia, ni vyema swali hilo lijibiwe kabla tyubu haijarudishwa, na jibu lake hugharimu tone moja tu la maji mazito, yaani D2O.

Nitatumia mfano wa yujenoli, ambayo ni rahisi kuipata. Karafuu za Soko Kuu zikikenekwa kwa mvuke hutoa mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli. Mafuta hayo yakitikiswa na sodiamu haidroksaidi, yujenoli huingia kwenye maji kwa sababu ni fenoli, kisha hutolewa tena kwa kuongeza asidi. Miligramu 10 za yujenoli hiyo zikiyeyushwa katika mililita 0.6 za klorofomu iliyotiwa deuteri (CDCl3), spektra ya megahertzi 400 huonyesha protoni tatu za kundi la OCH3 karibu na ppm 3.9, protoni mbili za CH2 karibu na 3.3, mbili za ncha ya kifungo maradufu karibu na 5.1, moja ya jirani yake karibu na 5.95, na tatu za pete kati ya 6.7 na 6.9. Katikati ya zile za kifungo maradufu, karibu na 5.5, kuna kilele cha protoni moja ambacho mara nyingi ni kipana kuliko vyote. Hicho ndicho cha OH.

Upana wake hautokani na kasoro ya mashine. Protoni ya OH haikai mahali pamoja, bali huhama kutoka molekuli moja kwenda nyingine, na hasa hubadilishana na protoni za maji machache ambayo karibu kila chupa ya klorofomu huwa nayo. Maji hayo, yakiwa yameyeyuka katika klorofomu, hutoa kilele chake karibu na ppm 1.56, kwa hiyo protoni inayohama inaruka kati ya sehemu mbili zinazotofautiana kwa takriban ppm 4, ambazo kwenye mashine ya megahertzi 400 ni hertzi 1,600. Ikiwa kuhama ni kwa polepole mno kuliko tofauti hiyo, tunaona vilele viwili vilivyotengana. Ikiwa ni kwa haraka mno, tunaona kilele kimoja cha wastani. Na ikiwa kasi iko katikati, tunaona kitu kinene ambacho wakati mwingine huzama kabisa kwenye mstari wa chini. Hata kuhama kwa polepole huacha alama: protoni inayohama wastani wa mara 30 kwa sekunde hupanua kilele chake kwa karibu hertzi 10, ilhali kilele cha OCH3 kwa kawaida hakizidi hertzi moja au mbili.

Asidi kidogo, ambayo klorofomu ya zamani hujitengenezea yenyewe inapopigwa na mwanga, huharakisha kuhama huko. Mahali pa kilele nako hubadilika, kwa sababu idadi ya vifungo vya haidrojeni kati ya molekuli hutegemea ukolezi na joto. Kwa hiyo yujenoli ileile, iliyoyeyushwa na watu wawili, inaweza kutoa kilele chembamba kwa mmoja na kinene kwa mwingine, na wote wawili wakawa sahihi. Mimi simwamini mtu anayetambua OH kwa nambari ya ppm pekee.

NH ina sababu ya ziada. Kiini cha naitrojeni ya kawaida, ile ya uzito wa 14, kina spini ya 1 na hakina umbo la duara kamili la chaji, hivyo hubadilisha hali zake kwa haraka kutokana na uga wa umeme unaokizunguka. Protoni iliyofungwa nayo huhisi mabadiliko hayo, na mgawanyiko wake wa vilele, badala ya kuonekana wazi, huvurugika na kuwa kilima kipana. Ndiyo maana hata NH ya amaidi, ambayo hubadilishana polepole, huweza kuwa pana.

Sasa tukirudi kwenye tyubu ya yujenoli: piga spektra ya kwanza, na uifadhi. Fungua kifuniko, ongeza tone moja la D2O, yaani takriban mililita 0.05, funga vizuri na utikise kwa nguvu kwa dakika moja au mbili, kisha uiache tyubu isimame ili tabaka zitengane. Klorofomu ni nzito kuliko maji mazito, hivyo D2O huelea juu, nje ya eneo ambalo mashine husoma, ilimradi kimo cha klorofomu ni cha kutosha. Matone yaliyoshikilia ukuta wa tyubu chini huharibu umbo la vilele vyote, kwa hiyo yagonge taratibu yapande juu kabla ya kupiga spektra ya pili.

Kinachotokea ni ubadilishanaji uleule, safari hii na deuteri: R-OH + D2O hutoa R-OD + HOD. Deuteri haionekani kwenye spektra ya protoni, kwa kuwa kwenye mashine hiyo hiyo husomwa karibu na megahertzi 61. Tone hilo lina takriban milimoli 5.5 za deuteri dhidi ya milimoli 0.06 za OH, kwa hiyo protoni zikigawanyika kwa usawa, karibu asilimia 1 tu ya OH hubaki. Kilele cha 5.5 hutoweka, na kingine cha HOD huonekana karibu na ppm 4.7 hadi 4.8, kikitoka kwenye vitone vidogo vya maji vilivyosalia ndani ya klorofomu. Linganisha eneo la kila kilele na OCH3 ikiwa 3.0 katika spektra zote mbili: kilichopungua ndicho cha protoni inayobadilishana.

Kutoweka si uthibitisho wa OH pekee. SH na NH hutoweka pia, na hata CH iliyo kati ya kaboni mbili za C=O inaweza kubadilishana. Kwa upande mwingine, OH iliyofungwa ndani kwa ndani na C=O ya jirani, kama ya salisilaldehaidi, na NH nyingi za amaidi, zinaweza kubaki baada ya kutikiswa kwa dakika moja; iache tyubu kwa saa kadhaa au usiku mzima na upige tena kabla ya kusema hazibadilishani. Ikiwa sampuli yako imo katika DMSO, hakuna tabaka, kwa kuwa D2O huchanganyika nayo. Tone dogo linatosha, na kilele cha maji kilicho karibu na 3.3 kitakua na kusogea, hivyo angalia kisifunike vilele vyako vya OCH3.

Kwa sisi tunaotuma sampuli, nashauri fomu ya maombi iseme wazi kwamba spektra ya pili ipigwe kwenye tyubu ileile, baada ya D2O, kwa idadi ileile ya mikusanyo. Sampuli mpya iliyotengenezwa upya na D2O hailinganishwi na ya kwanza, kwa sababu ukolezi na maji yake huwa tofauti, na eneo la kilele kinene ndicho kitu cha kwanza kubadilika.