Shimo la choo litajaa lini? Majibu kwa wasomaji

Tuko watu sita nyumbani. Fundi anataka kuchimba shimo la duara, upana mita 1.2, kina mita 3. Litatuchukua miaka mingapi?

Karibu miaka minane, ikiwa shimo ni kavu na mnajisafisha kwa karatasi au maji. Hesabu yenyewe ni hii. Nusu mita ya juu usiihesabu, maana choo kikifika hapo huhesabiwa kimejaa: kinafungwa na sehemu hiyo inafukiwa kwa udongo. Unabaki na kina cha mita 2.5. Eneo la duara ni 3.14 × 0.6 × 0.6, yaani mita za mraba 1.13. Zidisha kwa 2.5 upate mita za ujazo 2.83, ambazo ni lita 2,830.

Sasa upande wa watumiaji. Katika shimo kavu, mtu mmoja huacha takriban lita 60 za tope kwa mwaka. Watu sita ni lita 360. Gawanya 2,830 kwa 360, utapata miaka 7.9.

Muulize fundi jambo moja kabla hajaanza: mita 1.2 ni kabla ya kujengea kuta au baada yake? Tofali likila sentimita 10 kila upande, upana wa ndani unabaki mita 1, ujazo unashuka hadi lita 1,960, na miaka inakuwa mitano na nusu. Nimeona familia nyingi zikipoteza miaka yao hapo bila kujua.

Hizo lita 60 kwa mtu zimetoka wapi? Mbona mtu anatoa zaidi ya hapo kwa mwaka?

Ni kweli anatoa zaidi, mara nyingi zaidi ukijumlisha mkojo. Lakini maji hunywea ardhini, na kinyesi huoza, hugeuka gesi na kushindiliwa na uzito wa kile kilicho juu yake. Lita 60 ni masalio. Shimo lililofika kwenye maji ya ardhini huozesha vizuri zaidi, na huko makadirio ni lita 40. Wanaojisafisha kwa vitu visivyooza upesi, kama mawe au magunzi, wahesabu 90 kwa shimo kavu. Kwa familia ya swali la kwanza, lita 90 zingeshusha umri wa shimo kutoka karibu miaka minane hadi mitano.

Usisome lita 40 ukashawishika kuchimba hadi kwenye maji. Shimo la namna hiyo linapeleka vijidudu moja kwa moja kwenye maji ambayo huenda jirani anayachota kisimani.

Hesabu ilisema miaka saba, shimo limejaa kwa mitatu. Nilikosea wapi?

Pengine hukukosea hesabu. Funga jiwe kwenye kamba, ulishushe kupitia tundu la choo, usikilize linavyogusa. Likitumbukia kwenye maji na kuendelea kuzama, tatizo lako ni maji yasiyonywea: maji ya kuoga yanayomwagwa chooni, udongo wa mfinyanzi, au kuta zilizojengwa bila nafasi za kupenyeza. Likitua juu ya kitu kigumu, basi kuna takataka. Nepi, vitambaa, plastiki na chupa hazipungui hata kidogo, tofauti na kinyesi. Ndoo moja ya lita 20 ya takataka kila mwezi ni lita 240 kwa mwaka, sawa na kuongeza watumiaji wanne.

Choo chetu kina miaka minne. Nawezaje kujua kilichobaki bila kubahatisha?

Kipime kwa kamba ileile. Usimshushe mtu shimoni kamwe; gesi ya humo huua. Tuseme shimo ni lile la kwanza, upana wa ndani mita 1.2, na tope limepanda mita 1.3 kutoka chini. Hizo ni lita 1,470 hivi. Gawanya kwa watu sita na miaka minne: lita 61 kwa mtu. Limebaki na mita 1.2 za kutumia, na linapanda sentimita 32 au 33 kwa mwaka, kwa hiyo una miaka mitatu na miezi kama minane. Mwenye choo cha mwaka mmoja asitumie kipimo hiki kujitisha. Tope changa bado halijaoza, hivyo mwanzoni hupanda haraka. Shimo la kutumika chini ya miaka miwili au mitatu huongezewa nusu ya kiwango, yaani lita 90 badala ya 60.

Nichimbe kina zaidi au nipanue?

Kama ardhi ni imara na maji yako mbali chini, ongeza kina. Kama maji yako karibu, panua: upana wa ndani wa mita 1.5 badala ya 1.2, kwa kina kilekile, unaipa familia ya watu sita miaka 12. Ila sakafu ya juu lazima iwe ndefu zaidi na yenye nondo za kutosha, na udongo tifutifu hauvumilii shimo pana lisilojengewa.