Ripoti inasema zote zimepita, karani anasema moja si sawa

> Wazee wa jukwaa, skripti yetu ya malipo inamaliza kazi yote usiku na ripoti haina kosa hata moja, lakini karani ameng'ang'ana ati kuna mtu pesa yake haiko sawa. Nimwamini nani, na nianze kutafuta wapi?

Anza na karani bana. Mwambie akuonyeshe jina na akuambie ni nini kilimfanya ashtuke, maana mara nyingi sababu yake ni kitu hakiko kwa sistimu yako kabisa. Nitakupea kisa kimoja cha huku Nakuru, upande wa Bahati, nilikuwa nashikilia mambo ya kompyuta kwa ushirika mmoja wa maziwa, jina tuliache.

Huo ushirika ulikuwa na wanachama kama 1,900 hivi. Maziwa yanapimwa kwa mzani wa dijitali kule vituoni asubuhi, kilo zinaingia kwa faili, mwisho wa mwezi skripti inaamka saa nane usiku, inasoma kilo za kila mtu, inapiga hesabu, inakata hisa na deni za dukani, halafu inatuma M-Pesa mtu kwa mtu. Saa kumi na moja ukifungua ripoti unakuta kazi imeisha, hakuna imekwama, jumla ya pesa iliyotoka ni ile ile jumla ya maziwa yaliyoingia, hadi shilingi. Kijana aliyeiandika alikuwa ameshahamia kazi ingine na sikuwa na sababu ya kuigusa.

Sasa karani. Huyu mama amekaa hiyo ofisi miaka mingi, anajua wakulima kwa majina, anajua mpaka nani amegombana na bibi yake juu ya pesa ya maziwa. Alikuwa anapitia tu karatasi za malipo kabla ya kuzifaili akasimama kwa mwanachama namba 240. Akaniita, "Kijana, hebu kuja. Huyu mzee amelipwa 15,415. Ya maziwa gani?" Nikamwambia ya mwezi uliopita, si iko hapo. Akaniangalia. "Ng'ombe wake amekauka. Ako mmoja tu wa kukamua na anangoja azae. Huyu mzee hajaleta hata kikombe."

Hakuna mahali kwa sistimu tulikuwa tunaandika ng'ombe wa nani amekauka. Kwa hivyo hakuna njia yoyote mashine ingejua.

Nikafungua faili ya mzani, kweli 240 hayuko. Hajapima hata siku moja. Lakini kwa malipo yuko, kilo 387 kwa bei ya 45, inakuja 17,415, imekatwa 2,000 ya hisa, inabaki 15,415. Hiyo ya hisa ndiyo ilinifungua macho kidogo, sababu mzee alimaliza hisa zake zamani sana, hisa tulikuwa tunakata wanachama wapya. Nikatafuta kilo 387 ni za nani kwa mzani, nikapata mama mmoja mpya, namba yake 24E001.

Hapa ndipo unafaa kusoma pole pole. Namba za zamani zilikuwa tarakimu tupu, 1 mpaka elfu moja mia tisa na kitu. Baadaye walipofungua vituo vipya wakaanza kuandika namba ya kituo, herufi ya laini, halafu nafasi ya mtu kwa hiyo laini, yaani 24E001 ni kituo cha 24, laini E, mtu wa kwanza. Laini A mpaka D zilikuwa zimeenda miezi na miezi bila shida. E ndiyo ilikuwa imefunguliwa tu huo mwezi. Na ndani ya skripti kulikuwa na kitu hiki:

```python
def safisha(namba):
    try:
        return str(int(float(namba)))
    except ValueError:
        return namba.strip()
```

Aliyeandika alikuwa na sababu nzuri, usimcheke. Faili ya mzani ilikuwa inaleta namba zingine na mkia, 240 inakuja ikiwa 240.0, na zingine na sufuri mbele, kwa hivyo akaamua kila namba igeuzwe kuwa hesabu kwanza ndiyo mkia na sufuri zitoke. Ikikataa kugeuka, kama 24B001, basi ibaki vile iko. Sawa kabisa, mpaka ikutane na herufi E, kwa sababu kompyuta inasoma E katikati ya tarakimu kama "mara kumi kwa kipeo cha". 24E001 kwake ni 24 mara 10, ambayo ni 240. Haikukataa, haikulalamika, ilimpa yule mama namba ya mzee na ikaendelea na safari.

Utaniuliza, na wengine wa laini E? Hilo swali lilinisumbua pia, maana walikuwa wengi na wote walilipwa vizuri. 24E002 inageuka kuwa 2400. Mwanachama 2400 hakuna, tulikuwa hatujafika huko. Na skripti ilikuwa na akiba yake, ikikosa mtu kwa namba iliyosafishwa inajaribu tena na namba ya asili, inampata. 24E003 ni 24,000, hakuna, inarudi kwa asili, inampata. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni mtu mmoja tu kwa laini nzima ambaye namba yake iligeuka ikaangukia mtu aliye hai na mwenye simu. Hiyo akiba ndiyo ilificha ugonjwa, bila hiyo laini yote ya E ingekosa pesa na tungejua asubuhi hiyo hiyo kelele ikianza kituoni. Kitu kingine cha kuchekesha, kama laini ingefika mtu wa 307 skripti ingekufa yenyewe, kwa sababu 24E307 ni kubwa kuliko vile `float` inaweza kubeba, inakuwa `inf`, na `int` ikipewa hiyo inatoa `OverflowError` ambayo hiyo `except` haishiki. Ungengoja sana lakini.

Sasa kwa nini ukaguzi wote ulipita. Jumla ya pesa ilikuwa sawa kwa sababu pesa haikuongezeka wala kupungua, ilibadilisha mwenyewe tu. Idadi ya malipo ilikuwa sawa pia, maana mzee hakuwa na malipo yake mwenyewe huo mwezi, kwa hivyo hata jina lake halikutokea mara mbili. M-Pesa ilirudisha `ResultCode` 0, na hiyo sifuri inamaanisha pesa imefika kwa simu uliyotaja, haimaanishi ulitaja simu ya mtu anayestahili. Kulikuwa hata na ukaguzi wa jina, skripti ilikuwa inachukua `ReceiverPartyPublicName` kwa majibu na kulinganisha na jina la mwanachama. Ikapita! Kwa sababu ilikuwa inalinganisha na rejista ya 240, na simu ni ya 240, na jina ni la 240. Kila kitu kilikubaliana na chenzake kwa sababu vyote vilitoka kwa safu moja isiyo yake. Ungekuwa unalinganisha na jina lililoandikwa pale kwa mzani ungeshika papo hapo.

Tuliweka ukaguzi mmoja tu baadaye na ndio nakushauri uanze nao leo. Chukua orodha ya namba za walioleta maziwa, kwako inaweza kuwa walioweka akiba au waliofanya kazi, ukiitoa kwa faili ya asili kabla haijaguswa na kitu chochote. Chukua orodha ya waliolipwa. Toa moja kwa ingine, halafu ugeuze utoe upande ule mwingine.

```python
print(walioleta - waliolipwa)   # alipima, hakulipwa
print(waliolipwa - walioleta)   # alilipwa, hakupima
```

Hizo ni `set`, na usizipitishe kwa ile `safisha` maana utarudia kosa lile lile na zitakubaliana tena, mkia wa .0 na sufuri za mbele ukizitoa zitoe kama maandishi. Kwetu ya kwanza ilitoa 24E001 na ya pili ikatoa 240, mmoja kila upande, ni kama kufungua mlango ukute mwizi na mali amekaa nayo. Isipokuwa hapa mzee hakuwa mwizi, alidhani ni bonasi.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Namba ya mwanachama sio hesabu, hutaijumlisha na ingine siku yoyote, kwa hivyo isiguswe na `float`. Ule mkia wa .0 unautoa kwa maandishi, `re.sub(r"\.0$", "", namba)`, na sufuri za mbele kwa `lstrip("0")`, basi. Lakini angalia na Excel, kwa sababu hata ukirekebisha skripti, mtu akifungua faili ya CSV na Excel halafu aseivu, 24E001 inaandikwa 2.40E+02 na imeenda, hairudi. Ukiona kitu kama hicho kwa safu ya namba za watu jua ni hiyo. Fungua faili kwa kuimport na uchague safu iwe Text. Excel za siku hizi ziko na pahali pa kuzima hiyo tabia, File, Options, Data, chini ya Automatic Data Conversion kuna ya herufi E. Na usidhani ni ushamba wetu wa maziwa, wanasayansi wa jeni walilia na hii kitu mapema 2004, walikuwa na namba kama 2310009E13 Excel ikazigeuza.

Yule mama wa 24E001 hakuwa amelalamika hata. Tulipompigia alisema alidhani mwezi wa kwanza wote unaingia kwa hisa, akawa anangoja tu. Ushirika ukamlipa kwa pesa yake, na mzee ambaye alikuwa ameshalipa karo na hizo 15,415 wakakubaliana ihesabiwe kama advansi, ikatwe kidogo kidogo ng'ombe akizaa. Alinung'unika kidogo juu ya bonasi yake.

Sasa wewe fanya hizo orodha mbili, na yule karani anasema ni mtu gani, weka hapa namba yake vile iko kwa faili ya asili, ifungue na Notepad sio Excel. Kama kuna herufi ndani ama sufuri mbele utakuwa umeshaipata.